Goma hakuna foleni ya Amerika

Aliyekimbia Rutshuru akalala kambini Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma, kila mtu alimwita mkimbizi. Kisheria hakuwa mkimbizi, kwa sababu hakuvuka mpaka. Anayehamishiwa nchi ya tatu lazima awe nje ya nchi yake, kwa hiyo HCR ya Goma haiwezi kumfungulia Mkongomani kesi ya Amerika wala ya Kanada, hata kama amepoteza kila kitu. Ndipo wengine wanapowaza kuvuka kwenda Uganda ili wapate kesi. Naona hesabu hiyo ni mbovu.

Tuseme mama mmoja alivuka Bunagana Juni 2022, M23 ilipouteka mji huo. Alipokewa Nyakabande, Kisoro, kisha akapelekwa Nakivale. Huko hakuna fomu ya kuomba kuhamishwa. HCR yenyewe ndiyo inayochagua: aliyeteswa, mwanamke aliye hatarini, mgonjwa asiyeweza kutibiwa hapo. Duniani kote, wanaohamishwa kwa mwaka hawafiki mmoja katika kila wakimbizi mia.

Haya, amechaguliwa. HCR inamhoji na kupeleka faili, lakini anayeamua ni ofisa wa nchi itakayompokea, naye atamhoji upya. Hapa wengi hukwama kwa jambo lisilo na ubaya wowote: mama huyo alimwandikisha mtoto wa marehemu kaka yake kama mwanawe, maana kwetu ni mwanawe. Ofisa anataka kujua nani alimzaa. Jibu la mama likipishana na la binti yake mkubwa, aliyehojiwa peke yake, faili linawekwa kando kwa shaka ya udanganyifu. Dawa ni kusahihisha daftari la usajili mapema, kabla ya kuitwa.

Baadaye kuna uchunguzi wa usalama na vipimo vya afya vya OIM, ambavyo muda wake huisha baada ya miezi michache. Kimoja kikichelewa, kingine kinarudiwa. Akizaliwa mtoto, naye lazima aingizwe kwenye faili. Kwa Amerika, miaka miwili tangu faili kupelekwa ilikuwa kawaida, na wengi walingoja zaidi. Mpango mkubwa wa HCR kwa Wakongomani, ulioanza 2012, uliwalenga waliokimbia kati ya 1994 na 2005. Huo ndio urefu halisi wa kungoja.

Halafu mlango ukafungwa. Tarehe 27 Januari 2025, siku M23 ilipoingia Goma, ndiyo siku amri ya Rais Trump ya kusimamisha mpango wa Amerika ilipoanza kazi. Hata waliokwisha kupangiwa ndege walibaki.

Anayehofia maisha yake avuke, tena asichelewe. Lakini asivuke kwa ajili ya kesi, na HCR imweleze hivyo waziwazi siku ya kwanza, Nyakabande, si baada ya miaka mitano ya kubahatisha. Na mtu akikudai dola ili jina lako liingie kwenye orodha, mripoti: kuchaguliwa na kuhojiwa hakulipiwi hata senti moja.