MSTARI USIOONEKANA SI HUKUMU

Vijana wa mwambao wanaotafuta kazi melini, na wengine waendao Ghuba kwa udereva au kazi za majumbani, wanayajua haya. Kabla ya mkataba kutiwa sahihi, mtu hupewa kikopo akaenda msalani, akarudi na mkojo. Mpimaji huchovya kipande cha plastiki, husubiri dakika tano, hukitazama, na riziki ya mtu huwa imekwisha kuamuliwa. Sisi hatupingi upimaji. Nahodha ana haki ya kujua kwamba mtu anayeshika zamu ya usiku hatumii heroini. Tunachopinga ni desturi ya kukifanya kipimo hicho cha dakika tano kuwa ndicho hakimu, hasa pale mtu anaposema kwamba alikuwa akinywa dawa ya kikohozi, akachekwa.

Ndani ya kipande hicho mna chembe za rangi zilizoshikamana na kingamwili, yaani protini zilizotengenezwa ili zikamate dawa ya aina fulani. Mbele yake, mahali mstari unapotazamiwa, imepakwa dawa hiyo hiyo kwa kiasi kidogo mno. Mkojo usipokuwa na dawa, kingamwili husafiri hadi pale, huing'ang'ania ile iliyopakwa, na mstari hutokea. Mkojo ukiwa na dawa ya kutosha, kingamwili huwa zimekwisha kushiba njiani, na mstari hautokei. Ni kinyume cha anavyodhani mtu asiyejua: mstari ni heri, kukosekana kwake ndiko shaka. Na mstari hafifu ni mstari. Mpimaji asemaye kwamba umefifia kwa kuwa mtu ametumia kidogo hajui kazi yake.

Kingamwili haisomi jina la dawa; inapapasa umbo lake. Kwa sababu hiyo dekstromethofani, iliyomo katika dawa nyingi za kikohozi, imewahi kudhaniwa kuwa fensiklidini, na sudoefedrini ya mafua kudhaniwa kuwa amfetamini. Makosa ya namna hii ni mepesi kuyaondoa. Mkojo huo ukipelekwa katika maabara yenye mitambo, dawa inayoshukiwa haionekani kabisa, na shauri limekwisha.

Shauri gumu ni la kodeini na la mbegu za mpopi, kwa sababu hapo kipimo cha kwanza hakikukosea. Kodeini inywewapo kwa ajili ya kikohozi, ini huigeuza sehemu yake ndogo kuwa mofini. Wako watu ambao kwa maumbile yao huigeuza kwa wingi kuliko wenzao, na miongoni mwa watu wa Ethiopia hao si wachache. Mbegu za mpopi nazo, zinyunyizwazo juu ya mikate na kusagwa katika michuzi ya Kihindi, hubeba mabaki ya utomvu wa afyuni, na mofini yake yaweza kuonekana katika mkojo hadi siku ya pili. Heroini pia huishia kuwa mofini. Kwa hiyo njia tatu hufika mlango mmoja, na kipande cha plastiki huuona mlango tu.

Wamarekani waliligundua jambo hili kwa gharama. Kanuni zao za mwaka 1988 za kuwapima watumishi wa serikali zilihesabu kuwa ni shaka kila mkojo wenye afiuni kuanzia nanogramu 300 katika mililita moja. Wengi walionaswa walikuwa watu wa dawa halali na wa mikate, hata mwaka 1998 kiwango kikapandishwa hadi 2,000. Lakini vipande vya kiwango cha 300 vingali vikiuzwa duniani, na ofisi ya wakala wa ajira hununua kinachopatikana. Mtu anayepimwa na aulize ni kipi kilichotumika.

Basi maabara hufanya nini? Katika mkojo hutiwa kwanza kiasi kinachojulikana cha mofini iliyotengenezwa kwa haidrojeni nzito, ili iwe kipimo cha kulinganishia. Kisha dawa huchujwa, huvukizwa na kupitishwa katika mrija mwembamba sana wenye urefu wa mita kama 30. Kila kitu hutoka kwa wakati wake. Kinapotoka hupigwa na elektroni kikavunjika, na vipande vyake hupimwa uzito. Vitu viwili vyaweza kutoka kwa wakati mmoja, lakini ni vigumu mno vivunjike vipande vile vile kwa uwiano ule ule. Hiyo ndiyo kromatografia ya gesi pamoja na spektrometa ya masi. Haisemi tu kwamba kuna afiuni; hutaja ipi, na kiasi gani.

Tuchukue mfano wa baharia aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini kwa usiku tatu, na asubuhi ya nne akapimwa. Mstari haukutokea. Maabara inajibu: kodeini nanogramu 1,850, mofini 420, na asetilimofini hakuna. Kodeini ikiizidi mofini namna hii, habari inakubaliana na maneno yake, maana mtumiaji wa heroini huwa na mofini nyingi na kodeini kidogo. Ile asetilimofini, ambayo wakemia huiandika 6-asetilimofini, ndiyo shahidi mkubwa: haitokani na kodeini wala mbegu, bali na heroini. Ingalionekana, hadithi ya kikohozi isingalimsaidia.

Sasa tugeuze mfano: mofini 900, kodeini 90, asetilimofini hakuna. Hapa tunawaonya wale wanaodhani kwamba mtambo humaliza kila neno. Majibu haya yaweza kuwa ya mkate wenye mbegu. Yaweza pia kuwa ya heroini ya juzi, kwani asetilimofini hutoweka katika mkojo baada ya saa chache tu. Tena siku moja au mbili baada ya kuacha dawa ya kikohozi, mofini yaweza kuizidi kodeini. Maabara yaweza kutafuta tebaini, ambayo imo katika mbegu na haimo katika kodeini ya dukani; ikionekana, mbegu zimejishuhudia, lakini isipoonekana hazijakanushwa.

Katika hali hiyo anahitajika daktari. Kanuni za usafiri za Marekani zinamtaka daktari mkaguzi azungumze na mpimwa kabla mwajiri hajaambiwa lolote. Mofini au kodeini ikiwa chini ya nanogramu 15,000, na asetilimofini haipo, daktari hawezi kumtia mtu hatiani bila kuona dalili za matumizi haramu mwilini mwake. Ikifika 15,000 au zaidi, mzigo wa kueleza humwangukia mpimwa, na udhuru wa chakula haupokewi. Hatuoni kwa nini wakala wa ajira wa hapa asifuate utaratibu huo.

Yapo pia mambo ya mkono wa mpimwa mwenyewe. Dawa zote alizokunywa zifaa ziandikwe kabla ya kikopo kujazwa, si baada ya majibu. Mkojo ugawanywe chupa mbili mbele ya macho yake, zitiwe lakiri, aweke sahihi, na ya pili igandishwe kwa ajili ya maabara nyingine. Na aendaye Ghuba ajue kwamba cheti cha daktari huenda kisitoshe huko: katika Falme za Kiarabu kodeini yahitaji kibali kilichoombwa kabla ya safari, na mbegu za mpopi ni marufuku hata zikiwa ndani ya kifurushi cha viungo alichofungiwa na mama yake.