Mgao wa Pamba: Kwa Nini Wenye Vinu Hawaaminiani

Wapo wananchi wanaoamini kwamba wanunuzi wa pamba wakishakaa pamoja na kupatana bei, basi mambo yamekwisha na mkulima hana pa kupumulia. Imani hiyo ni ya kweli nusu. Kupatana bei ni kazi ya asubuhi moja. Kazi ngumu huja mchana, pale wanapoanza kugawana pamba yenyewe, maana vinu havilingani, na mwenye kinu cha gharama ndogo hatazami mgao kwa jicho lile lile la mwenzake mwenye mtambo mkuukuu. Historia ya pamba katika mwambao wa Ziwa Viktoria, huku Mwanza na kule Uganda, inatufundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha uchumi.

Tuanze na hesabu. Takwimu hizi nimezitunga ili jambo lieleweke, lakini mwenendo wake ni ule ule wa vinu halisi. Chukua wilaya moja yenye vinu viwili vya kuchambulia pamba. Kinu cha kwanza kiko karibu na reli na mitambo yake ni mizuri. Kuchambua, kufunga marobota na kusafirisha humgharimu mwenyewe senti 10 kwa kila kilo ya pamba mbegu. Kinu cha pili kiko mbali, mitambo yake imechoka, nacho hutumia senti 25. Kila kimoja kinaweza kuchambua kilo milioni 4 kwa msimu, na mavuno ya wilaya ni kilo milioni 6. Nyuzi na mbegu zinazotoka katika kilo moja huuzwa shilingi moja.

Kama hakuna mapatano, wenye vinu watapandishiana bei. Kinu cha kwanza peke yake hakiwezi kumaliza mavuno yote, kwa hiyo cha pili kinahitajika, na bei ya mkulima itapanda hadi pale ambapo kinu cha pili hakibakiwi na kitu, yaani senti 75. Kinu cha kwanza kitaongeza kidogo tu juu ya hapo, kijaze nafasi yake yote, na kupata faida ya senti 15 kwa kilo, jumla shilingi 600,000. Cha pili hakipati faida.

Sasa wanapatana. Bei inatangazwa kuwa senti 50, na kila mmoja anapewa mgao sawa wa kilo milioni 3. Kinu cha kwanza kinapata senti 40 kwa kilo, jumla shilingi 1,200,000. Cha pili senti 25, jumla shilingi 750,000. Mkulima amepoteza senti 25 kwa kila kilo, na wilaya nzima imepoteza shilingi 1,500,000. Hapa ndipo wasomaji wengi husimama, wakatikisa kichwa na kulaani. Lakini tusiharakishe.

Mgao huo wa sawasawa ni upotevu hata kwa wanunuzi wenyewe. Kilo milioni moja zinachambuliwa katika kinu cha senti 25 wakati kinu cha senti 10 kimeacha nafasi wazi. Zikihamishwa, wote wawili kwa pamoja wataokoa shilingi 150,000. Kwa nini basi wasizihamishe? Kwa sababu mwenye kinu cha pili atapoteza shilingi 250,000, na hatakubali ila alipwe. Na ili alipwe inabidi kuwe na kapu moja ambalo faida hutiwa na kugawanywa, pamoja na vitabu vya hesabu ambavyo kila mmoja anaviamini. Watu waliokutana ili kumdanganya mkulima hawaaminiani vitabu.

Kishawishi cha kuvunja mapatano kimo ndani ya mgao wenyewe. Kinu cha kwanza kina nafasi ya kilo milioni moja iliyokaa bure. Mwenyewe akimlipa mkulima senti 55 kwa siri, kila kilo ya ziada inamletea senti 35. Akilipa hata senti 70, bado anabakiwa na 20. Mwenzake naye ana nafasi kama hiyo, ila yeye akilipa senti 55 anapata 20 tu, na akifika 75 amekwisha. Kwa hiyo mwenye gharama ndogo ndiye mwenye tamaa kubwa zaidi ya kuiba, na ndiye anayeweza kuvumilia vita vya bei kwa muda mrefu zaidi. Ni yule yule ambaye umoja haupendi kumkosa. Dunia iliona jambo hili katika mafuta. Saudia, ambayo kuchimba pipa kunaigharimu kidogo sana, ilipunguza uzalishaji wake mwaka hadi mwaka huku wenzake wa OPEC wakivuka migao yao kimya kimya. Mwaka 1985 ilichoka, ikafungulia mabomba, na mwaka 1986 bei ya mafuta ikaporomoka.

Tena hawagombanii mgao peke yake, bali hata hiyo bei. Mkulima aliyelipwa senti 50 msimu huu atapunguza shamba la pamba msimu ujao na kupanda mahindi au mpunga. Mwenye kinu cha gharama ndogo, ambaye kila kilo ina faida nono kwake, angependa bei ya 60 ili pamba isikauke. Mwenye mtambo mkuukuu anashikilia 50, kwani kwa bei ya 60 habakiwi na zaidi ya senti 15.

Wizi huo unafichwaje? Marobota hayafichiki. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, njia ya kutoa pamba ikawa ni ile inayohesabika behewa kwa behewa. Tena kila mchambuaji anajua kwamba kilo 3 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 1 ya nyuzi. Kwa hiyo umoja wenye akili huhesabu marobota, ukamgundua aliyezidisha. Lakini kufikia wakati marobota yanahesabiwa msimu umekwisha. Wakati wa ununuzi wenyewe kinachotazamwa ni bei, na bei ya pamba ina milango mingi ya uani. Mnunuzi anaweza kuipokea pamba fifi na kuilipa kama safi. Anaweza kumpa dalali bakshishi. Anaweza hata kupima kwa mizani ya haki! Ndiyo, ndugu msomaji, katika umoja ambamo wote wamepatana bei, na mizani ya wengi imepindwa, anayepima sawasawa amewasaliti wenzake. Wakulima wa Usukumani walioanza kudai wapimaji wao wenyewe mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wanagusa mahali pabichi kuliko walivyodhani wakoloni, kwani uzito wa kweli ni bei ya kweli.

Kwa kuwa kishawishi hiki hakiishi, umoja wa namna hii ukiachwa peke yake huwa na tabia ya kuvunjika. Uganda ilituonyesha ni nini kinachouponya, nacho ni mkono wa serikali. Katika miaka ya 1920 vinu vilijengwa huko kwa wingi hadi vikapita 150, vingi mno kwa mavuno yaliyokuwapo. Wenyewe walijiunga katika umoja, wakagawana pamba kwa kufuata ununuzi wa miaka iliyopita, na baadhi ya vinu vikafungwa huku wenyewe wakiendelea kupokea fungu lao. Vikaitwa vinu vilivyonyamaza. Angalia jambo hili kwa makini: ni ile ile dawa ya hesabu yetu ya juu, ya kumlipa mwenye gharama kubwa ili akae kimya. Lakini dawa hiyo ina sumu yake. Ikiwa kinu kisichofanya kazi kinalipwa, basi kinu ni hati ya kudai fungu, na mwenye fedha atataka kuwa nacho hata kama hana nia ya kuchambua robota moja. Fedha za kulipa ukimya huo zilitoka katika bei ya mkulima.

Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Uganda ilipitisha sheria iliyogawa nchi katika kanda za pamba na kuzuia pamba mbegu isivuke kutoka kanda moja hadi nyingine. Sababu zilizotolewa zilikuwa za utaratibu. Tokeo lake lilikuwa kwamba ule mlango ambao mnunuzi msaliti angepitia kumfuata mkulima wa jirani ulipigwa komeo, na askari akawekwa mlangoni. Wakulima walilielewa hilo. Ghasia za Buganda za mwaka 1949 zilikuwa na madai kadhaa, na mojawapo lilikuwa haki ya kuchambua pamba yao wenyewe. Mwaka 1952 ikaja sheria ya serikali kuvitwaa vinu.

Huku kwetu mkulima hakungoja wenye vinu wagombane. Vyama vya msingi viliungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, chini ya Ndugu Paul Bomani, na shirikisho hilo likaingia katika uchambuaji. Wapo wanaolisifu kwa uzalendo tu. Mimi nalisifu kwa hesabu: mkulima mwenye kinu chake anaijua gharama ya kuchambua, na mnunuzi hawezi tena kumwambia kwamba senti 50 ndiyo yote inayobaki. Kwamba baadaye ushirika wenyewe ukawa mnunuzi wa pekee, ukachelewesha malipo na kubeba gharama zake mgongoni mwa mkulima yule yule, ni kweli pia, na tusiifunike.

Tangu biashara ya pamba ilipofunguliwa mwaka 1994, vinu vya watu binafsi vimeongezeka Mwanza, Shinyanga na Simiyu, na gharama zao hazilingani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kupatana bei au kugawana soko, na Tume ya Ushindani ipo. Ila Tume haitaukuta mkataba uliotiwa sahihi. Itafute dalili. Ya kwanza ni mafungu yasiyotikisika: mavuno yanapanda na kushuka mwaka hadi mwaka, lakini kila mnunuzi anabaki na sehemu ile ile ya jumla. Kinu chenye gharama ndogo kikiacha nafasi bure huku cha gharama kubwa kikifanya kazi usiku na mchana, hiyo ni dalili nyingine, kwani katika ushindani jambo hilo halidumu. Na kinu kilichofungwa misimu kadhaa ambacho mwenyewe hakiuzi, hakikodishi wala halalamiki, kiulizwe kinakula nini.

Bei elekezi nayo itazamwe upya. Imewekwa ili mnunuzi asishuke chini yake, na hilo ni jema. Lakini bei moja inayotangazwa kwa wote inawapa wanunuzi mahali pa kusimama pamoja bila kukutana, na sakafu inaweza kugeuka dari. Kwa hiyo pamoja na bei hiyo, Bodi ya Pamba ibandike katika kila chama cha msingi, kila msimu, idadi ya marobota yaliyotoka katika kila kinu na uwezo wa kinu hicho, ili katibu wa chama pale Magu au Kwimba aone mwenyewe ni kinu kipi kina nafasi, na akaanze kupatana bei na mwenye kinu hicho kabla ya wengine.