Aliyemwona Ndiye Ajaze Fomu

Mwanafunzi wa utabibu anapopangiwa mazoezi kwenye zahanati au kituo cha afya hubeba daftari lenye orodha ya stadi, idadi ya mara anazopaswa kuifanya kila moja, na nafasi ya saini. Wanaovijua vituo vyetu wanajua saini hizo zinavyopatikana. Nyingi hutiwa kwa mkupuo siku ya mwisho, na mtu ambaye kazi yenyewe hakuiona. Chuo kinapokea daftari lililojaa na kuamini kwamba stadi nazo zimejaa.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuongeza mitihani ya vitendo chuoni, ule mtindo wa kuzunguka meza hadi meza alioubuni Ronald Harden kule Dundee katika miaka ya 1970. Ni mtihani wa haki, maana kila mtahiniwa hukutana na kazi ileile. Lakini hapa nchini tunao ushahidi wa mpaka wake. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga wanaoshindwa kupumua. Miezi kadhaa baadaye walipimwa kwa mwanasesere na walifanya vizuri kuliko mwanzo. Kumbe kwenye chumba cha kujifungulia, ambako watazamaji walikuwa wakirekodi kila uzazi kwa dakika na sekunde, utendaji haukubadilika. Hege Ersdal na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 2013. Mabadiliko yalikuja baadaye, baada ya kuanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini.

Kwa hiyo mwanafunzi atazamwe akiwa na mgonjwa halisi. Swali ni fomu ya kumtazamia iweje, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanakaa mezani na kuandika vipengele arobaini.

Tuchukulie mwanafunzi aliyepangiwa kituo cha huduma za afya huko Nanyala, kata ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe. Stadi ipi itazamwe? Kumfufua mtoto mchanga ni stadi kubwa, lakini katika kituo chenye uzazi mchache anaweza kumaliza mazoezi bila kukutana na mtoto anayehitaji kupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa. Hiyo ibaki kwa mwanasesere. Mtoto mwenye kikohozi na homa, kwa upande mwingine, yuko kwenye benchi karibu kila asubuhi. Basi tuanze na huyo.

Mama ameingia na mtoto wa miezi 14. Mwanafunzi anamwamkia, anauliza kikohozi kina siku ngapi, anafunua kifua, anatazama saa. Anahesabu pumzi kwa sekunde 15, anapata 11, anazidisha kwa nne: 44. Mwongozo unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha pumzi 40 kwa dakika anapumua haraka, na mwenye kikohozi akipumua haraka huhesabiwa kuwa na nimonia. Mwanafunzi anafikia kalamu aandike amoksilini. Mtazamaji anamwomba asubiri mtoto aache kulia, kisha wahesabu pamoja dakika nzima. Wanapata 37. Nimonia imetoweka.

Sasa angalia fomu. Kama kipengele kimeandikwa “Amehesabu upumuaji: ndiyo / hapana”, mwanafunzi huyu anapata tiki, maana kweli amehesabu. Kosa lake la pumzi moja au mbili, likizidishwa kwa nne, limebadilisha ugonjwa, na fomu haikuona kitu. Kipengele kilipaswa kusomeka: “Amehesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, kifua kikiwa wazi.” Anayeandika fomu lazima ajue kosa linaingilia wapi, aweke kipengele palepale, na mengine ayaache. Kwa kazi hii vinatosha kama sita: dalili za hatari, kuhesabu pumzi, kutazama kifua kama kinabonyea, kuamua, kumweleza mlezi, na usafi wa mikono. Hicho cha kumweleza mlezi nacho kipimike: mlezi arudie mwenyewe namna atakavyotoa dawa na dalili zitakazomrudisha kituoni. Mwanafunzi aliyetoka mbali asiridhike na “ndiyo, daktari” ya bibi ambaye nyumbani anaongea Kinyiha.

Baada ya vipengele ndipo huja mizani ya alama, na hapa nina msimamo mkali kidogo. Mizani ya “hafifu, wastani, vizuri, vizuri sana” haifai. Fomu fupi ambayo John Norcini na wenzake waliitangaza Marekani mwaka 1995 ilitumia ngazi tisa, na penye ngazi nyingi za sifa watu hukimbilia zile za katikati na za juu. Tena wastani wa nani? Tabibu mkali anamlinganisha mwanafunzi na yeye mwenyewe, na mpole anamlinganisha na mwanafunzi wa mwaka jana. Afadhali mizani imuulize mtazamaji yeye alifanya nini: 1, nilichukua kazi nikaifanya mwenyewe, 2, nilimwelekeza hatua kwa hatua, 3, nilimkumbusha hapa na pale, 4, nilikuwepo kwa tahadhari tu, 5, hakunihitaji. Maswali ya aina hii yalishatumika Kanada kwa madaktari wanaojifunza upasuaji. Mtu anaweza kubishana usiku kucha kuhusu “vizuri”, lakini kama alimshika mwanafunzi mkono anakumbuka. Kijana wetu wa pumzi 44 anapata 3, na hakuna aliyetukanwa.

Sehemu ya mrejesho nayo isiwe mstari mmoja chini ya ukurasa. Mstari huo huzaa “Kazi nzuri, aongeze bidii”, maneno yanayomfaa hata mwanafunzi ambaye hakufika kazini. Iwekwe juu ya alama, ijazwe kabla yake, na iwe na maswali mawili: nini umeona akikifanya sawasawa, na kitu gani kimoja afanye tofauti kwa mgonjwa anayefuata. Kisha mwanafunzi aandike kwa maneno yake alichokubali. “Nitahesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia au amelala.” Dakika tano zinatosha, foleni ikiwa bado nje.

Ni kweli tabibu wa zahanati yuko peke yake na wagonjwa hawapungui. Ndiyo maana fomu iwe ukurasa mmoja, na muuguzi au mkunga mzoefu aruhusiwe kuijaza. Na watazamaji wawe wengi, na kutazama kuwe kwa mara kadhaa, kwani utafiti wa Norcini ulionyesha kuwa kutazamwa mara nne kunaweza kutosha kwa mwanafunzi ambaye uwezo wake uko bayana, ilhali aliye karibu na mstari wa kufaulu anahitaji mara nyingi zaidi. Fomu moja, hata iwe nzuri vipi, isimfaulishe wala kumfelisha mtu. Ukiipa uzito huo, mwanafunzi ataanza kumsubiri mtazamaji mpole na mgonjwa mwepesi, nasi tutakuwa tumerudi kwenye saini za siku ya mwisho. Rundo zima lisomwe na jopo la chuo mwishoni mwa mazoezi.

Kabla ya kuchapisha nakala mia, watu wawili wamtazame mwanafunzi mmoja na mgonjwa mmoja, kila mtu ajaze yake bila kuchungulia ya mwenzake. Mmoja akiandika 2 na mwingine 4 kwenye kipengele kilekile, mwanafunzi aachwe aende zake, na wawili hao wabaki wakikiandika upya kipengele.