Dawa ya Mtoto Mmoja Haigawanyiki kwa Wawili

Leo nataka tuzungumze juu ya vidonge vile vinavyofungwa katika kitambaa, au kuwekwa juu ya kabati, baada ya mtoto kupata nafuu. Mama husema moyoni, "Hivi vitamfaa mdogo wake siku nyingine." Hasemi hivyo kwa ubaya. Anasema hivyo kwa sababu anawapenda watoto wake wote, kwa sababu njia ya kufika hospitali ni ndefu, hasa kwa wale wa ng'ambo ya mto Lulua, na kwa sababu katika nyumba zetu za Sandoa mtoto hafundishwi kula peke yake. Bukari ni moja, sombe ni moja, na watoto wote hunawa mikono na kula katika sahani moja.

Desturi hiyo ni njema kwa chakula. Kwa dawa ni hatari. Chakula kikigawanywa, kila mtoto hupata kidogo, na kidogo hicho humsaidia. Dawa ikigawanywa, mara nyingi hapana anayepona. Nitaeleza kwa mfano wa malaria, kwa kuwa ndiyo homa tunayoijua sana hapa kwetu.

Tuseme mama analeta binti yake wa miaka 4 siku ya Jumatatu. Muuguzi anamtoboa kidole, anatia tone la damu kwenye kipimo, na baada ya dakika 15 au 20 kipimo kinaonyesha malaria. Mtoto anawekwa kwenye mzani: kilo 16. Anapewa dawa ya artemeta na lumefantrini, ambayo wengi huiita Koartem. Mtoto wa kilo 15 mpaka karibu 25 humeza vidonge 2 kila mara, mara 6 katika siku 3. Jumla ni vidonge 12. Anameza 2 saa nne asubuhi, na 2 tena baada ya saa 8, yaani saa kumi na mbili jioni. Siku ya pili anapaswa kumeza 2 asubuhi na 2 jioni, na siku ya tatu vivyo hivyo.

Jumanne asubuhi binti ameamka, mwili umepoa, anaomba chakula. Mama anafurahi na kusema, "Amepona." Vidonge 8 bado viko katika plaketi, naye anaviweka. Jioni ile ile mdogo wake, mtoto wa miezi 10 mwenye kilo 8, anapata homa na kukohoa. Mama anafikiri: dada alimeza viwili, huyu ni mdogo, basi nimpe kimoja kimoja.

Sasa sikilizeni vizuri. Hesabu ya mama huyu ni sahihi! Mtoto wa kilo 8 hupewa kidonge kimoja kila mara, mara 6, jumla vidonge 6. Hata muuguzi angempa hivyo, kama angekuwa na malaria. Hata hivyo watoto wote wawili wamo hatarini. Kwa nini?

Tumtazame kwanza dada. Ndani ya kidonge kile kuna dawa mbili. Ya kwanza, artemeta, ni ya haraka. Huua vijidudu vingi sana siku ya kwanza, na ndiyo maana homa hushuka upesi. Lakini haikai mwilini. Baada ya saa chache imekwisha. Ya pili, lumefantrini, ni ya polepole. Hukaa katika damu siku kadhaa na kumaliza vijidudu vilivyobaki. Ili iwe na nguvu ya kutosha, ni lazima ijengwe kidogo kidogo, mara 6. Binti amemeza mara 2 tu. Mwili wake umepoa, lakini vijidudu vingine vingali hai katika damu. Vitazaana tena, na baada ya wiki mbili, tatu au nne homa itarudi. Watu watasema, "Dawa ya hospitali haina nguvu," au watasema kuna mtu aliyemtupia mtoto ubaya. Sivyo. Nusu ya ugonjwa ilibaki mwilini kwa sababu zaidi ya nusu ya dawa ilibaki kabatini.

Tumtazame sasa mdogo. Mama aliona homa, akadhani ni homa ile ile ya dada. Lakini malaria haipiti kutoka kwa dada kwenda kwa mdogo wake kwa kulala pamoja au kula pamoja. Huletwa na mbu. Homa ni kama mbwa anayebweka usiku. Anatuambia kuna mgeni, hatuambii mgeni ni nani. Mtoto huyu alikuwa na kichomi, ambacho wengine huita nimonia, yaani ugonjwa wa mapafu. Dawa ya malaria haiugusi kabisa. Alimeza Jumanne usiku, Jumatano, na Alhamisi, na mama alingoja dawa ifanye kazi. Alhamisi jioni mtoto akashindwa kunyonya. Alipofikishwa hospitali alikuwa akipumua mara 64 kwa dakika, na chini ya mbavu kifua kilikuwa kikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Sasa alihitaji sindano na kulazwa. Kama angeletwa Jumanne, kabla ya kuzidiwa, huenda ingetosha dawa ya kumeza, amoksisilini: kidonge cha miligramu 250 kilichoyeyushwa katika maji, asubuhi na jioni, kwa siku 5. Siku mbili zile zilipotea kwa sababu ya vidonge 8 vilivyobaki.

Mtu atauliza, "Je, kama mdogo naye alikuwa na malaria kweli?" Basi tuhesabu tena. Dada anahitaji vidonge 12. Mdogo anahitaji 6. Jumla ni 18. Nyumbani vipo 12. Vidonge 12 haviwezi kufanya kazi ya 18, hata mama awe na upendo wa namna gani.

Kuna hatari nyingine, kwa maana si kila mama atabahatika kupata hesabu sahihi kama huyu. Hapa nchini Kongo watoto wengi hupewa pia dawa nyingine ya malaria, ya artesunati na amodiakini. Hiyo humezwa mara moja kwa siku, kwa siku 3. Mtoto wa miezi michache humeza kidonge kimoja. Mtoto wa miaka 3 humeza kimoja. Mtoto wa miaka 8 naye humeza kimoja. Mama akiona hivyo hudhani ni kidonge kile kile. Sicho. Kidonge cha mtoto mchanga kina miligramu 67 na nusu za amodiakini, na cha mtoto wa miaka 8 kina miligramu 270. Mama akimpa mtoto mchanga kidonge cha kaka yake, amempa mara nne ya kipimo chake. Na kaka akipewa cha mtoto mchanga, amepata robo tu. Vijidudu vitajeruhiwa lakini havitakufa.

Vijidudu vilivyoonja dawa bila kufa ni hatari kwa kijiji kizima. Bibi zetu wanaikumbuka nivakini. Ilikuwa dawa nzuri na ya bei ndogo, lakini vijidudu viliizoea, na mwaka 2001 nchi yetu ikaiacha. Dawa za siku hizi za malaria nazo zimeanza kusumbuliwa katika nchi jirani. Waganga walitangaza habari hiyo kwa Rwanda mwaka 2020, na kwa Uganda mwaka 2021. Kugawanya dawa nyumbani si sababu pekee ya mambo hayo, lakini kila dozi iliyokatwa katikati huvipa vijidudu nafasi.

Kwa hiyo naona si haki kumlaumu mama peke yake. Baba anayesema, "Usinunue nyingine, ile ya juzi ipo," naye ana sehemu yake. Mwenye farmasi anayekata plaketi na kuuza vidonge vinne kwa mwenye fedha kidogo ana sehemu kubwa zaidi. Anajua kwamba vinne havimponyi mtu.

Basi tufanye nini? Plaketi ikitolewa, mwulizeni muuguzi: ni vingapi, mara ngapi, mpaka siku gani? Ni haki yenu kuuliza. Mwombeni aandike jina la mtoto juu yake. Dawa ya artemeta na lumefantrini mpeni mtoto pamoja na maziwa ya mama, au uji uliotiwa karanga, kwa sababu bila mafuta kidogo haiingii vizuri mwilini. Akitapika kabla ya saa moja kupita, mpeni tena kipimo kile kile, kisha rudini hospitali mpewe vya kujaza pengo. Msivichukue katika plaketi ya ndugu yake. Homa ikishuka, endeleeni mpaka kidonge cha mwisho.

Mtoto wa pili akipata homa, mleteni naye apimwe. Chukueni plaketi ya wa kwanza na fishi yake, ili tujue amefika wapi. Akikohoa, inueni nguo yake akiwa ametulia, mhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka hajatimiza mwaka, akifika 50 au zaidi, na wa mwaka 1 mpaka 5, akifika 40 au zaidi, aletwe siku hiyo hiyo. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, anayeshikwa na degedege, au aliyelegea asiyeamka vizuri, asingoje hata asubuhi.

Na kama muuguzi amebadili dawa, na ile ya kwanza imebaki, irudisheni kwetu. Hiyo tu ndiyo dawa iliyobaki kwa haki, na mahali pake ni hospitali, si kabatini.

Mnaikumbuka hukumu ya mfalme Sulemani, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Upanga ulipoletwa ili mtoto agawanywe, mama wa kweli alijulikana kwa sababu alikataa. Alijua kwamba nusu mbili si watoto wawili. Dozi ya dawa nayo ni hivyo hivyo: ukiikata nusu kwa watoto wawili, humponyi hata mmoja.