Mpandisheni mtoto kwenye mizani kwanza

Kuanzia Sakina hadi Usa River, mzazi akisikia neno taifodi anadai sindano. Mhudumu naye, foleni ikiwa ndefu, anachoma. Siku tatu baadaye mtoto anacheza, sindano zinakatwa, na baada ya wiki mbili homa inarudi. Tumeshachoka kusikia kwamba hiyo ni taifodi sugu. Mara nyingi ni dozi pungufu.

Mtoto mwenye taifodi anayekunywa, asiyetapika na mwenye akili zake timamu anatibiwa kwa dawa ya kunywa. Ikiingia tumboni kwa kipimo sahihi, inafanya kazi vizuri. Sindano ya seftriaksoni ni ya anayetapika kila anachopewa, aliyelegea au kuchanganyikiwa, au ambaye tumbo limevimba na kukaza. Huyo mahali pake ni wodini, kama vile katika hospitali ya Mount Meru, wala si benchi la duka la dawa. Akipata nafuu na kuanza kula, daktari anaweza kumhamishia kwenye dawa ya kunywa amalizie siku zake.

Sasa tuje kwenye uzito. Fundi cherehani wa Soko Kuu hakati kitambaa cha sare ya shule bila futi, lakini dawa ya mtoto tunaikadiria kwa macho, au kwa umri.

Chukua mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo 14. Azithromaisini kwa taifodi ni miligramu 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, kwa siku 7. Ishirini mara 14 ni miligramu 280. Dawa ya maji inayopatikana kwa wingi ina miligramu 200 katika kila mililita 5, kwa hiyo mtoto huyu anahitaji mililita 7 kila siku. Kwa siku 7 ni mililita 49.

Tazama chupa uliyouziwa. Nyingi zina mililita 15. Ya kwanza inaisha siku ya tatu, kabla hata dozi ya siku hiyo haijatimia, na mama anaamini amemaliza dawa. Mtoto huyu anahitaji chupa nne! Mwenye duka aseme hivyo tangu mwanzo na amwambie mama asichanganye chupa ya pili na maji mpaka ya kwanza ikaribie kuisha, kwa sababu dawa ikishachanganywa haikai muda mrefu. Aweke na bomba la kupimia ndani ya mfuko. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Wapo wanaoandika siku tatu kwa mazoea, kwa kuwa azithromaisini hutolewa hivyo kwa magonjwa mengine. Taifodi inataka siku 7. Siprofloksasini nayo, pale inapochaguliwa, ni miligramu 15 kwa kilo, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Seftriaksoni ni miligramu 80 kwa kilo, mara moja kwa siku. Kwa mtoto wetu wa kilo 14 hiyo ni miligramu 1,120, zaidi kidogo ya kichupa kizima cha gramu moja. Anayemchoma nusu kichupa kwa siku tatu amemuumiza paja na kumwachia vijidudu.

Uzembe huu una gharama tunayoijua. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, watafiti katika hospitali ya Muheza, Tanga, walikuta vijidudu vingi vya taifodi kwa watoto havisikii tena kloramfenikoli, ampisilini wala kotrimoksazoli, dawa zilizokuwa tegemeo. Zilizobaki ndizo hizi tunazozikatiza.

Jambo moja linawatisha wazazi bure. Hata kwa dawa sahihi, homa ya taifodi hushuka polepole, mara nyingi kati ya siku ya nne na ya sita. Mtoto anayechemka siku ya tatu huku anakunywa na kukojoa vizuri hahitaji kubadilishiwa dawa. Anayezidi kulegea, anayetoa choo chenye damu au cheusi kama lami, au ambaye tumbo linamuuma ghafla na kukaza, apelekwe hospitali usiku huohuo, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umetoboka.

Na kabla ya yote hayo, mtoto apimwe malaria, kisha kituo chenye uwezo wa kuotesha damu kichukue damu kabla ya dozi ya kwanza. Kipimo cha Widali peke yake kinaweza kuonyesha alama kwa mtoto asiye na taifodi kabisa. Mzazi akiletewa karatasi ya Widali, aulize damu ya kuotesha imechukuliwa au la, na aombe uzito wa mtoto uandikwe juu ya cheti, kando ya mililita na idadi ya siku.