Msimfukuze Mama Lishe, Ifukuzeni Petroli

Kila panapozuka hofu ya moto katika stendi ya mabasi, sauti hupazwa: mama lishe waondolewe na majiko yao ya makaa! Nasema hukumu hiyo ni ya haraka, tena si ya haki. Jiko hukaa mahali pamoja na kila mtu huliona. Hatari kubwa zaidi ni ile inayotembea bila kuonekana.

Hatari hiyo ni mvuke wa petroli. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Kwa hiyo haupai kama moshi; hutambaa ardhini, hufuata mteremko na kujikusanya katika mifereji.

Basi fikiri hivi. Abiria anaficha dumu la lita tano za petroli ndani ya gunia, utingo analiingiza katika buti bila kuuliza. Jua linapanda, kizibo kinavuja. Mvuke unashuka, unaufuata mfereji, unalifikia jiko la mama lishe lililo mita kumi upande wa chini. Moto hauishii hapo: hurudi kwa kasi katika njia ileile mpaka kwenye basi, ambamo mizigo imejazwa ujiani na abiria hawana pa kupita. Kesho yake atalaumiwa nani? Mwenye jiko!

Tusijidanganye kwamba petroli iliyomwagika ni mali ya bure. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, jirani na stendi kuu ya mabasi. Watu walikimbilia kuchota kwa madumu; moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Penye harufu ya petroli, kwanza ondoka upande wa juu wa mteremko, zima jiko lililo mbali na mvuke, wala usiwashe pikipiki. Wala usimwage maji: petroli huelea juu yake, na moto husambaa pamoja nayo. Mchanga hufaa kwa moto mdogo tu.

Wako watakaosema kwamba kumhamisha mama lishe ni rahisi kuliko kupekua mizigo. Ni rahisi, naam, lakini dumu litabaki butini, na cheche ya injini yatosha. Wenye stendi na wapangiwe wajibu wao: majiko yawekwe upande wa juu, mbali na maegesho, malori ya mafuta yasipite katikati ya abiria, utingo akatae mzigo unaonuka petroli, ujia wa basi ubaki wazi.

Nawe msomaji, siku ukinusa harufu hiyo chini ya kiti chako, je, utanyamaza kwa kuona haya, au utamwita utingo kabla basi halijaondoka?