Rangi ikififia, usilipe wewe

Mwezi uliopita nilihama keja yangu hapa Malili baada ya miaka 2. Dipoziti ilikuwa 6,000. Keateka akazunguka dakika tano, akasema rangi imefifia na bafu lina nyufa, kwa hivyo nisahau 4,500.

Wengi wetu hapo hunyamaza. Lakini kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinataka mpangaji arudishe nyumba ilivyokuwa, isipokuwa uchakavu wa matumizi ya kawaida. Rangi kufifia kwa jua na vumbi la Mombasa Road ni uchakavu. Umetokea ukiishi tu, na mwenye nyumba alishalipwa kwa kodi.

Uharibifu ni kitu kingine. Ukutani kwa meko nilipigilia misumari ya rafu, plasta ikabanduka. Hiyo ni yangu, sikatai. Lakini nilipe ukuta huo mmoja, si nyumba nzima. Fundi alisema plasta 600, rangi 900. Rangi ilikuwa mpya nikiingia, na hudumu kama miaka 3. Nimeitumia 2, kwa hivyo nadaiwa theluthi tu, yaani 300. Jumla 900.

Nyufa za bafu je? Nilikuwa na picha za siku ya kuingia, na zilikuwepo tayari. Tulibishana, nikarudishiwa 5,100.

Ila soma mkataba kabla ya kusaini. Kama ulikubali kupaka rangi ukitoka, hesabu yangu haitakuokoa.